Karatasi ya Clemensi

Pale Rhotia watu walikuwa wakisema kwamba Bonifasi Sulle hanywi chai ya asubuhi kabla hajajua jirani yake Clemensi amekunywa nini. Walimsingizia, lakini si sana. Mashamba yao yalipakana, mstari wa minyaa katikati, na kitu cha kwanza alichokitazama Bonifasi akifungua mlango kilikuwa ua wa mwenzake. Clemensi alipoezeka bati, Bonifasi naye aliezeka, akaongeza rangi nyekundu juu yake. Clemensi alipochimba choo cha kisasa, Bonifasi alichimba kirefu zaidi, mpaka fundi akamuuliza kama wanatafuta maji.

Hayo yote yalikuwa mchezo. Kidonda chenyewe kilikuwa Rozalia. Miaka kumi na sita nyuma, Clemensi ndiye aliyetangulia kumposa. Wazee wake walikwenda kwa kina Rozalia, wakakaa, wakanywa, wakarudi mikono mitupu kwa sababu msichana alikataa. Mwezi uliofuata akamkubali Bonifasi. Mtu mwingine angelala usingizi wa raha maisha yake yote. Bonifasi alishinda, lakini aliishi kama mtu aliyeokota kitu njiani, ambaye haachi kugeuka nyuma aone kama mwenyewe anakuja.

Siku ya ubatizo wa Leonida, binti yao wa kwanza, Germana mke wa Clemensi alileta zawadi ya sufuria kubwa ya kupikia ubwabwa wa wageni. Bonifasi akauliza nani aliyeinunua. Germana, mwanamke asiyejua kuficha kitu, akasema mume wake ndiye aliyeichagua mnadani. Bonifasi alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na sururu, akaitoboa sufuria matundu matatu mbele ya wageni. Padri alikuwa ameshika kikombe cha chai. Wageni walipoondoka Rozalia aliiokota, akaijaza udongo, akapanda vitunguu ndani yake, akaiweka karibu na mlango wa jikoni. Ilikaa pale miaka yote, na kila Bonifasi alipoingia jikoni aliipita akiangalia pembeni.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Bonifasi alikonda kweli mwaka lilipokuja trekta.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa pili baada ya vita vya Uganda, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na mtu akipata betri mpya ya redio alialika majirani. Clemensi alikuwa ameuza ngano misimu mitatu bila kugusa pesa, akasubiri kibali kwa miezi, akalipata trekta jipya kwenye kampuni moja ya Arusha. Alilipandisha mwenyewe kutoka Mto wa Mbu, trekta la buluu, limeandikwa CLEMENSI M. kwa rangi nyeupe kwenye boneti. Watoto walilikimbilia mpaka kanisani. Bonifasi alisimama kwenye minyaa yake, akalitazama likipita, na tumbo lake likakataa chakula siku nzima. Si kwamba alitaka trekta. Alitaka lile.

Akalipata, Mungu amsamehe. Mwezi wa sita Clemensi alikwenda pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro kutafuta mtamba aliyepotea, akakutana na nyati. Nyati alimvunja nyonga. Alirudi kutoka hospitali akitembea kwa magongo mawili, na daktari alimwambia mguu ule hautakanyaga klachi tena. Watoto wake walikuwa wadogo. Habari zikaenea kwamba trekta linauzwa.

Bonifasi alifika kwake kabla hata ya waliokuja kumpa pole. Aliswaga ng'ombe wake wote mnadani Karatu, wale wa mahari ya wadogo zake na wale wa maziwa, na mwisho kabisa maksai wanne wa kulimia.

"Baba Leonida," Rozalia alimwambia, akiwaona maksai wakitolewa zizini, "hawa ungewaacha. Trekta likigoma tutalima na nini?"

"Trekta haligomi."

"Kila kitu kinagoma."

"La Clemensi halikugoma, ndiyo unataka kusema?" Akamtazama machoni. Rozalia akarudi jikoni.

Mauziano yaliandikwa kwa Naftali, balozi wa nyumba kumi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Naftali alikuwa na daftari la shule aliloandika kila kitu kilichouzwa Rhotia, kuanzia jogoo hadi shamba. Clemensi aliketi kwenye kigoda, magongo yake miguuni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akikasirika alinyamaza, akifurahi pia alinyamaza, na hilo peke yake lilimchosha Bonifasi kuliko matusi.

Pesa zilipokwisha kupokelewa, Clemensi akatoa kijitabu kidogo chenye jalada la kijani.

"Hiki ni kitabu cha dhamana," alisema. "Kampuni imeahidi miezi kumi na miwili. Kitu kikiharibika kwa kosa la kiwandani, wanatengeneza na kuleta kipuri wao wenyewe. Lakini kimeandikwa jina langu, mimi ndiye niliyesaini nao. Mzee Naftali anasema tuandike kwamba nakukabidhi na haki hii pia. Halafu tukipata lifti twende Arusha, waandike jina lako."

Lilikuwa pendekezo la jirani mwema. Bonifasi hakulisikia hivyo. Alichokisikia ni kwamba atapanda lori moja na Clemensi mpaka Arusha, na kwamba kila kipuri kitakapokuja, mwaka mzima, kitakuja kwa jina la Clemensi. Aliona karani akiuliza, "Hili ni lile trekta la Clemensi?" Damu ikampanda.

"Mimi nimenunua trekta," alisema. "Sikununua jina lako. Mzee Naftali, andika hivi: Bonifasi amenunua trekta kama lilivyo, hamdai muuzaji chochote tena, na karatasi za muuzaji hazitaki."

"Bonifasi, fikiri kidogo," Naftali alisema.

"Andika!"

Naftali akaandika. Bonifasi akasaini, akakiokota kile kitabu cha kijani, akamrushia Clemensi mapajani. "Kaa nacho. Na wewe mzee, ukinitajia tena karatasi za huyu mtu nyumbani kwangu, tusijuane."

Kesho yake alinunua kopo la rangi nyekundu, lilelile la bati, akalipaka trekta lote. Alianza na boneti. Alipaka mara mbili juu ya jina, kisha mara ya tatu, kwa sababu nyeupe ilikuwa ngumu kufa.

Kwa miezi mitatu alikuwa mtu mwenye furaha, au mtu anayejionyesha ana furaha, ambayo kwake ilikuwa karibu kitu kilekile. Alililisha dizeli ya magendo, alilima vishamba vya watu wa Rhotia juu na Rhotia chini, na kila alipokaribia minyaa ya Clemensi alikanyaga mafuta moshi uende upande wa pili. Mwezi wa tisa, akiwa katikati ya shamba lake mwenyewe, gia ya pili ililia kama mawe ndani ya debe. Trekta likasimama. Fundi wa Karatu alifungua gia boksi, akatoa kipande cha chuma kilichosagika meno, akakigeuza juani.

"Hii si kosa lako," fundi alisema. "Chuma chenyewe kilitoka kiwandani kibovu, ona kilivyo na mashimo ndani. Kipuri kipya hakipo Karatu, hakipo Moshi. Kipo kwa kampuni tu, na wanampa mwenye dhamana."

Bonifasi alipanda basi mpaka Arusha, kipande cha gia kimefungwa kwenye gazeti. Karani wa stoo alikitazama, akafungua kitabu kikubwa, akafuata namba ya trekta kwa kidole.

"Clemensi Margwe ni wewe?"

"Trekta ni langu mimi."

"Sijauliza trekta la nani. Nimeuliza Clemensi Margwe ni wewe?"

Swali lile lilimchoma mpaka Rhotia. Njia nzima, basi likipanda mlima kutoka Mto wa Mbu, alikuwa akilijibu upya, kila mara kwa ukali zaidi. Kesho yake alikwenda Karatu kwa Inosenti, mwandishi wa barua aliyeketi nje ya posta na mashine yake ya taipu, karani wa zamani wa mahakama ambaye alijua maneno yote mazito na maana ya baadhi yake. Inosenti akamwandikia madai: mdai ndiye mwenye trekta, kampuni imevunja dhamana, mahakama iiamuru kampuni itengeneze.

"Clemensi nimtaje?" Inosenti aliuliza.

"Clemensi anahusikaje?"

Inosenti akakuna kidevu. Alikuwa na shaka. Lakini alilipwa kwa ukurasa, na shaka haina ukurasa wake.

Siku moja kabla ya kesi, mzee Naftali alikuja kwa Bonifasi, akasimama langoni bila kuingia. Maana alikumbuka aliloambiwa.

"Bonifasi, kabla hujakwenda Arusha kuna karatasi moja ambayo..."

"Ya nani?"

Naftali akavua miwani, akaivaa tena. "Unajua ya nani."

"Mzee, nilikwambia nini?"

Nyuma yao, mlangoni mwa jikoni, Rozalia alikuwa amesimama na mkono juu ya ile sufuria ya vitunguu. Alifungua kinywa. Bonifasi aligeuka, akamwona, akaona jinsi alivyomtazama Naftali, akajiambia: hata huyu wanamtuma. Rozalia akafunga kinywa. Naftali akaenda zake.

Mahakama ya hakimu mkazi ilijaa watu na harufu ya nguo za mvua. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, kalamu ya wino. Wakili wa kampuni hakubishana kama gia ilikuwa nzima au mbovu. Alisimama akasema ana pingamizi la awali, na lilikuwa fupi: kampuni iliahidiana na Clemensi Margwe, na Bonifasi Sulle si mmoja wa waliofanya mkataba ule. Ni mtu wa nje. Mtu wa nje hawezi kudai kwa mkataba asioingia.

"Unasemaje, mdai?" hakimu aliuliza.

Bonifasi alikuwa amejiandaa. "Mheshimiwa, ahadi ni ya trekta. Trekta nimenunua. Likiwa mikononi mwangu, na ahadi yake iko mikononi mwangu. Ukinunua ng'ombe mwenye mimba, ndama ni wa nani?"

Watu walicheka kidogo, na hakimu karibu naye acheke.

"Ndama yumo ndani ya ng'ombe," alisema. "Ahadi haimo ndani ya trekta. Ahadi iko kati ya aliyeahidi na aliyeahidiwa. Kampuni ilimwahidi Clemensi, Clemensi akailipa. Wewe hukuwapo, hukuahidi kitu, hukuahidiwa kitu. Trekta ni lako, hilo hakuna anayebisha. Umenunua chuma. Neno hukulinunua."

"Basi nimshtaki Clemensi?"

"Clemensi alikuahidi nini?" Hakimu aliinua nakala ya ukurasa wa daftari la Naftali, iliyoambatishwa kwenye madai. "Wewe na yeye mna mkataba wenu, na ndio huu. Unasema umechukua kama lilivyo na humdai chochote. Wala yeye si mfanyabiashara wa matrekta useme alipaswa kujua." Akaiweka chini. "Kama gia ile ingepasuka ikakukata mguu, tungekuwa na mazungumzo mengine, kwa sababu anayemjeruhi mwenzake kwa uzembe haulizwi walisaini wapi. Lakini hukujeruhiwa. Unataka watimize ahadi."

Kisha akainama mbele kidogo. Bonifasi baadaye alikumbuka kwamba alikuwa ameinama kama mtu anayemfungulia mwingine mlango.

"Nikuulize kitu kimoja, na ujibu vizuri. Mtu mwenye haki katika mkataba anaweza kumkabidhi mwingine haki hiyo. Je, Clemensi amewahi kukukabidhi haki yake ya dhamana kwa maandishi?"

Bonifasi alinyoosha mgongo. Siku zote za maisha yake alikuwa akingoja mtu mkubwa amuulize swali la namna ile, mbele ya watu.

"Hapana, mheshimiwa! Sijawahi kupokea kitu chochote kwa Clemensi, na sitapokea!"

Kalamu ilikwaruza karatasi muda mrefu. Hati ya madai haikuonyesha kwamba mdai ana haki yoyote dhidi ya kampuni, hakimu alisema, kwa hiyo inakataliwa. Akaongeza kwamba mlango haujafungwa: siku akiipata haki hiyo kihalali anaweza kuleta madai mapya, ila aangalie dhamana yenyewe inakwisha mwezi wa nne.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Nyumbani shamba lilikuwa nusu limelimwa, nusu majani. Zizi lilikuwa tupu. Aliomba maksai Rhotia yote na kila mtu alikuwa na shamba lake la kuwahi. Mwezi wa pili ukaenda. Mawingu yakaanza kukaa juu ya msitu wa Ngorongoro na kushuka kila siku hatua moja. Rozalia na Leonida walianza kulima kwa jembe la mkono, asubuhi mpaka jua kali, na kile walichomaliza kwa siku mtu angeweza kukiruka kwa hatua chache. Usiku Rozalia alikunja na kunyoosha vidole bila kulalamika. Bonifasi alitamani alalamike.

Siku mvua ya kwanza iliponyesha nusu saa kisha ikakatika, alivuka minyaa.

Alikuwa hajaivuka tangu mauziano. Clemensi alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi, magongo yameegemea ukuta. Germana aliona nani anakuja, akaingia ndani taratibu.

"Karibu, jirani."

"Sikai," Bonifasi alisema, akabaki amesimama. Maneno aliyokuwa ameyapanga yalimkimbia yote, likabaki moja alilolichukia. "Naomba."

Clemensi akaacha kupukuchua.

"Naomba unisainie. Ile haki ya dhamana. Sema unataka nini, nitakupa. Nikulimie shamba lako miaka mitatu, sawa. Minyaa isogee upande wangu, sawa." Kwa kweli alitaka Clemensi ataje kitu kikubwa, amchune, amdhalilishe, ili waachane wakiwa sawa.

Clemensi alimtazama. Hakukuwa na ushindi usoni mwake, na hilo ndilo lililomuuma Bonifasi kuliko yote.

"Nilishasaini," alisema.

"Nini?"

"Siku ileile uliponirushia kitabu. Ulipoondoka nilimwambia mzee Naftali, huyu atakuja kujuta na itakuwa wakati wa kulima. Nikaandika nakukabidhi. Naftali akawa shahidi. Akaipeleka kwako pamoja na kitabu. Niliposikia umekwenda mahakamani nikasema vizuri, anayo. Uliposhindwa nilishangaa." Akarudi kwenye mahindi yake. "Ipo kwako, Bonifasi. Muulize mama Leonida."

Bonifasi hakukumbuka alivyorudi. Kila hatua ilikuwa na swali lake. Ilipelekwa lini? Yeye alikuwa wapi? Rozalia alipewa mkononi? Alisema nini alipopokea, alicheka? Miezi tisa kulikuwa na kitu cha Clemensi ndani ya nyumba yake, kimelala chini ya paa lake, na mke wake akijua.

Rozalia alikuwa ananawa udongo mikononi. Alimtazama usoni, akajua. Hakukimbia wala hakuuliza. Aliingia chumbani, akafungua sanduku lake la bati, akatoa vitenge viwili, kisha gauni la ubatizo la Leonida, kisha bahasha. Akampa.

Ndani mlikuwa na kitabu cha kijani na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Mwandiko ulikuwa wa Clemensi, wima, wa darasa la saba. *Mimi Clemensi Margwe nimemkabidhi Bonifasi Sulle haki zangu zote katika dhamana ya trekta niliyopewa na kampuni, azidai mwenyewe kwa jina lake.* Tarehe ilikuwa ya siku ya mauziano. Shahidi, Naftali. Hakukuwa na neno jingine, la salamu wala la mzaha. Bonifasi aliigeuza nyuma aone kama kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

"Alikupa yeye?"

"Alinipa mzee Naftali. Alisimama palepale langoni."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Nikaenda Arusha nikasema mbele ya hakimu..." Akaikunja karatasi. "Rozalia, kwa nini?"

Rozalia alielekeza kidevu kwenye mlango wa jikoni. Pale ilikaa sufuria ya ubatizo, vitunguu vimechipua, na kwenye matundu matatu kutu imechora michirizi mpaka chini.

"Kila asubuhi nilisema leo nitampa," alisema. "Kisha napita pale. Nilijua ukiiona karatasi yenye mwandiko wake imetoka sandukuni mwangu, hutasoma imeandikwa nini. Utaichana, halafu utanichana na mimi. Siku ile Naftali alipokuja nilitaka kusema. Ukanitazama. Unajua ulivyonitazama?"

Alijua. Na hata sasa, karatasi mkononi, alikuwa anamtazama vilevile. Wivu haujui kwamba umeshaumbuliwa. Ulikuwa unamnong'oneza: miezi tisa, chini ya gauni la mtoto.

"Miaka kumi na sita, mama Leonida," alisema polepole. "Niambie ukweli. Huyu mtu ana nini kwako?"

Mvua ilianza tena juu ya bati jekundu, chache chache. Rozalia akajifuta mikono kwa kanga. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimpa ujasiri ambao hakuwahi kuwa nao.

"Yule hakimu alisema nini? Ulirudi ukalisema neno lake wiki nzima, ukiwa na hasira, nimelishika. Asiyekuwamo kwenye mkataba hawezi kudai." Akasogea karibu. "Kwenye daftari la kanisa pale Rhotia, mwaka ule, tulisaini watu wawili. Mimi na wewe. Nenda kamwombe padri alifungue, utafute jina la Clemensi. Halimo. Hajawahi kudai kitu, na angedai asingepewa. Ni wewe peke yako, Bonifasi, unayemfungulia kesi kila siku ambayo mwenyewe hakuileta. Na mimi ndiye unayenihukumu."

Bonifasi alikaa kwenye kizingiti na karatasi magotini, akaikinga kwa mwili wake isilowe.

Kesho yake alipanda basi la kwanza la Karatu. Safari hii hakuhitaji mahakama. Inosenti alimwandikia taarifa kwa kampuni, ukurasa mmoja tu, akiambatisha nakala ya makabidhiano, na Bonifasi akaenda nayo Arusha. Karani wa stoo alifungua kile kitabu kikubwa, akafuata namba kwa kidole, akasimama kwenye jina la Clemensi. Karani aliita mkubwa wake, mkubwa akampigia simu wakili, wakazungumza Kiingereza kirefu. Kisha karani akaandika kwa wino, palepale chini ya Clemensi Margwe: *haki imekabidhiwa kwa Bonifasi Sulle*. Akageuza kitabu.

"Saini hapa. Chini ya jina lake."

Akasaini chini ya jina lake.

Fundi wa kampuni alifika Rhotia na gia boksi siku kumi na mbili kabla dhamana haijafa. Mvua ilikuwa imeshanyesha wiki tatu. Majirani walikuwa wanapalilia na nusu ya shamba la Bonifasi ilikuwa bado majani, na mahindi yatakayopandwa sasa yangetoka mafupi, kila mtu alilijua hilo. Kabla ya kufungua nati moja, fundi alitaka kuhakikisha kwamba trekta ni lenyewe.

"Trekta letu ni la buluu," alisema, akitazama rangi nyekundu.

"Ndilo."

Fundi akachukua kisu cha kukwangulia, akakwangua ubavuni mpaka namba ikatokea, akailinganisha na kitabu. Ikalingana. Kisha, kwa kuwa rangi ilikuwa imefika mpaka kwenye kifungio cha boneti ikakigandisha, akakwangua na pale. Nyekundu ikatoka kwa vipande. Chini yake buluu, na juu ya buluu, herufi nyeupe ngumu kufa: CLEM.

Clemensi alikuwa amesimama kwenye minyaa na magongo yake, anatazama. Rozalia alikuwa mlangoni mwa jikoni. Kopo la rangi lilikuwa limebaki robo, Bonifasi alijua liko wapi, na mkono wake ulilitaka.

Trekta liliponguruma alipanda, akageuza uso wake mbele, akaingia shambani. Kila alipofika mwisho wa mtaro na kugeuka, herufi zile zilikuwa mbele yake kwenye boneti, na nyuma yake mke wake na Leonida wakifuata na mbegu. Moyo ulimchoma kila safari. Hakusimama kuzipaka. Alilima mpaka kwenye minyaa, akapunguza mafuta ili moshi usiende upande wa pili, akageuka.